Weusi wa chini ya macho: kuuficha kwa rangi ya pichi bila uso kugeuka kijivu

Mtu mwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi anapopaka konsila ya kung'arisha moja kwa moja juu ya weusi wa chini ya macho, mara nyingi weusi huo hauondoki, bali hugeuka kijivu. Nyumbani, mbele ya kioo na chini ya taa ya chumbani, huenda asilione hilo. Akifika ukumbini na picha zikaanza kupigwa, ndipo sehemu ile inapojitenga na uso mzima. Katika kazi ya kupamba maharusi hapa Unguja na Pemba, hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi ya mengine yote, na si kosa la konsila kuwa ya bei rahisi. Konsila ya bei ghali nayo hutoa kijivu ikiwekwa mahali ambapo palihitaji rangi nyingine kwanza.

Sababu yake inaeleweka. Konsila nyingi hupata nguvu ya kufunika kutokana na titani dioksidi, ambayo ni unga mweupe sana. Unga huo ukitandazwa kwa safu nyembamba juu ya kitu cheusi, hutawanya zaidi mwanga wa buluu, na jicho la mtazamaji huona kijivu chenye ubuluu ndani yake. Weusi wenyewe wa chini ya macho mara nyingi tayari una ubuluu, kwa hivyo kijivu hukutana na buluu na vikazidishana. Ukiongeza safu ya pili na ya tatu, unapata unene, lakini ule ubaridi wa rangi unabaki pale pale. Kinachohitajika ni rangi yenye joto inayopingana na buluu, na katika duara la rangi linalotumiwa na wachoraji, rangi iliyo upande wa pili wa buluu ni ya machungwa. Pichi ni rangi hiyo ya machungwa iliyotiwa weupe na wekundu kidogo. Ikiwekwa chini, kabla ya konsila, huua ubuluu, na konsila inayofuata hubaki na kazi ndogo tu ya kulinganisha na uso.

Krimu au rangi inayowekwa kwanza ili kuua ubuluu nitaiita korekta, na ile ya rangi ya ngozi inayofuata ndiyo konsila. Madukani vitu hivi viwili huuzwa pamoja na wakati mwingine huchanganywa majina, kwa hivyo unaponunua angalia rangi iliyomo ndani, usitegemee maandishi ya juu ya kopo.

Kwanza, tambua weusi wako ni wa aina gani

Simama mlangoni au barazani asubuhi, uso ukielekea nje, mahali ambapo mwanga wa anga unakuangukia kwa mbele wala si jua kali la moja kwa moja. Usifanye uchunguzi huu adhuhuri katikati ya uwanja. Visiwa vyetu viko karibu na ikweta, jua la saa sita huwa juu ya utosi, na mfupa wa nyusi humwaga kivuli chini ya jicho la kila mtu, hata la mtoto. Uso uwe mkavu na usiwe na mafuta wala wanja. Wanja wa jana uliobaki kwenye mizizi ya kope za chini huteremka polepole na kuonekana kama weusi wa ngozi, kwa hivyo uondoe wote kabla hujaamua lolote.

Weka kidole juu ya shavu, chini kidogo ya sehemu nyeusi, kisha ivute ngozi kwa upole kuelekea chini. Ngozi ya hapo ni nyembamba, kiasi cha nusu milimita, kwa hivyo usiivute kwa nguvu. Ikiwa rangi inabaki ileile ya kahawia na inasogea pamoja na ngozi, huo ni weusi wa melanini, yaani rangi iliyomo ndani ya ngozi yenyewe. Ikiwa inazidi kuwa ya buluu au zambarau ngozi inapotandazwa, unachokiona ni mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi nyembamba. Sasa iache ngozi, inua kidevu na uelekeze uso wako kwenye mwanga. Sehemu nyeusi ikipungua sana au ikatoweka, basi sehemu kubwa yake si rangi kabisa, ni kivuli cha shimo lililopo kati ya jicho na shavu, au kivuli cha uvimbe uliolala juu ya shimo hilo.

Watu wengi wana mchanganyiko. Katika ngozi zetu ni kawaida kukuta ubuluu kwenye kona ya ndani karibu na pua, kahawia kwenye sehemu iliyobaki, na kivuli kidogo kwenye mfereji, yaani lile shimo la kati ya jicho na shavu. Kuna jambo moja zaidi la kujua kuhusu kahawia: melanini ikikaa ndani zaidi ya ngozi, huonekana ya kijivu au ya buluu badala ya kahawia safi, kwa hivyo hata mtu ambaye weusi wake ni wa melanini anaweza kuhitaji rangi ya machungwa.

Kivuli ndicho kinachokataa korekta. Pichi hubadilisha rangi, lakini haijazi shimo, wala haiwezi kulaza uvimbe. Mtu asiyelijua hili huongeza tabaka juu ya tabaka akitafuta kitu ambacho tabaka haziwezi kumpa. Na ikiwa weusi au uvimbe umetokea ghafla, au uko upande mmoja tu, au unauma na kuwasha, hilo ni jambo la daktari kabla ya kuwa la mpambaji.

Nimesikitika mara nyingi kuona wasichana wakitumia krimu za kujichubua hasa hapo chini ya macho. Krimu zenye zebaki, hidrokwinoni au dawa kali za steroidi zimekatazwa kuuzwa kama vipodozi, na karibu na jicho hatari yake ni kubwa zaidi: steroidi huzidi kuikonda ngozi ambayo tayari ni nyembamba, kwa hivyo mishipa huonekana zaidi, na zikitumiwa kwa muda mrefu zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho. Hidrokwinoni nayo, ikitumiwa kwa muda mrefu, inaweza kuacha madoa ya rangi ya buluu na kijivu ambayo ni vigumu kuyaondoa. Unaanza na weusi kidogo, unaishia na weusi ambao hata pichi haiumudu.

Pichi ya kina gani?

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu korekta nyingi zinazoletwa madukani zimetengenezwa kwa ngozi nyeupe, na mtu anayeambiwa tu atumie pichi anaweza kununua ile hafifu ya waridi ambayo kwake itafanya kazi ileile mbaya ya konsila nyeupe.

Rangi hizi hutengenezwa kwa oksidi za chuma, nyekundu na njano, zikichanganywa na titani dioksidi. Weupe ukiwa mwingi, unapata pichi hafifu. Weupe ukipunguzwa na wekundu ukaongezwa, unapata pichi iliyokolea, kisha rangi ya machungwa, kisha ile ya machungwa inayokaribia tofali. Zote ni familia moja, na unachochagua ni kina tu. Kanuni ninayoifuata ni kwamba korekta isiwe nyeupe kuliko ngozi ya shavu lako. Iwe na mwangaza unaolingana na ngozi yako, au iwe nyeusi kidogo kuliko ngozi, huku ikiwa na joto zaidi. Kwa hivyo mtu mweupe ataona pichi hafifu inamtosha. Mwenye rangi ya maji ya kunde huhitaji pichi iliyokolea inayoelekea machungwa. Mwenye ngozi ya kahawia iliyoiva huhitaji machungwa kamili. Na mwenye ngozi nyeusi sana huhitaji machungwa yenye wekundu wa tofali. Ubuluu ukiwa mkali, sogea hatua moja kuelekea wekundu. Weusi ukiwa wa kahawia tu bila ubuluu, sogea kidogo kuelekea njano, wala usitumie nyingi.

Ukienda kununua Darajani, au katika maduka ya Chake Chake, usiamue chini ya taa za dukani. Muombe muuzaji akupake kidogo kwa kijiti safi upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kisha toka nje ya mlango. Itandaze kwa kidole mpaka ibaki safu nyembamba unayoiona ngozi chini yake. Safu hiyo ikiacha utando mweupe, weupe wake ni mwingi mno kwako, hata kama ndani ya kopo ilionekana nzuri. Ikiacha joto tu bila utando, hiyo ni yako. Kifundo cha mkono kinaonyesha utando huo vizuri, lakini hakitoshi kukuthibitishia kina, kwa sababu ngozi yake mara nyingi ni nyeupe kuliko uso.

Jaribio la kweli hufanyika nyumbani, chini ya jicho moja tu. Paka korekta upande mmoja, uache mwingine, kisha urudi nyuma hatua moja kutoka kwenye kioo. Sehemu iliyopakwa inapaswa kuonekana kama ngozi iliyopata joto kidogo, weusi ukiwa umefifia. Ikionekana ya waridi au nyeupe, kina hakitoshi. Ikionekana ya machungwa wazi, ama kina kimezidi, ama umepaka nyingi, na kabla ya kuilaumu rangi punguza kiasi, kwa maana kiasi ndicho chenye kosa mara nyingi zaidi.

Kuhusu konsila yenyewe, maoni yangu ni ya wazi: iwe ya rangi ya uso wako. Ile desturi ya kuchukua konsila iliyo nyeupe kwa viwango viwili au vitatu ilipendwa kwa sababu ya picha, lakini kwa mtu mwenye weusi wa kweli chini ya macho inamrudisha kwenye kijivu tulichokwisha kukiondoa. Ukitaka mwangaza, kiwango kimoja kinatosha, na kiwekwe kwenye mfereji wa kivuli tu.

Nzito au nyepesi?

Uzito wa konsila unategemea mambo mawili, ngozi yako na hewa yetu. Chini ya jicho hakuna tezi nyingi za mafuta, kwa hivyo mtu anaweza kuwa na paji la uso linalong'aa na bado akawa mkavu hapo. Wakati huohuo, hewa ya visiwani imejaa unyevu, na kipindi cha kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, jasho hushuka kutoka kwenye paji na kupita pale pale kwenye kona ya jicho.

Korekta za kopo huwa na nta na mafuta. Zina rangi nyingi ndani ya kiasi kidogo, zinalainika kwa joto la kidole, na kwa sababu hiyo ndizo ninazozipenda kwa kazi ya kuua ubuluu, kwani safu nyembamba inatosha. Ubaya wake ni kwamba kwenye joto huendelea kulainika na kuteleza, hasa kwa mtu mwenye ngozi ya mafuta. Jaribu yako hivi: paka kidogo mgongoni mwa mkono, kaa nayo dakika kumi sehemu yenye joto bila feni, kisha pitisha kidole kavu. Ikitoka yote, itatoka usoni pia. Ikiacha rangi yake kwa kiasi kikubwa, inafaa.

Konsila za maji zenye kijiti ndani ya kifuniko mara nyingi hutengenezwa kwa silikoni nyepesi ambazo huruka hewani baada ya kupakwa, na kinachobaki hushika. Hizi hustahimili joto letu vizuri, lakini zinazokauka sana huonyesha kila mstari kwa mtu aliyevuka miaka arobaini au mwenye ngozi kavu. Yeye achague ile ambayo bado inahisi laini dakika tano baada ya kupakwa, akubali kwamba itafunika kidogo zaidi ya nusu tu, na aiachie korekta kazi iliyobaki. Konsila za fimbo sizipendekezi kwa chini ya jicho. Ni ngumu, zinaivuta ngozi, na ukilazimika kuzitumia chukua rangi kwa brashi badala ya kuipitisha fimbo yenyewe.

Angalia pia kama tabaka mbili zinapatana. Konsila yenye maji mengi juu ya korekta yenye mafuta mengi haishiki; huteleza, au hujiviringa vipunje vidogo unapoigusa. Zichanganye kidogo mgongoni mwa mkono kabla hujazileta usoni, na zikijitenga, tafuta nyingine.

Namna ya kupaka, kwa mpangilio

Anza na uso uliooshwa na kukaushwa. Chukua krimu nyepesi ya kulainisha, kidogo kiasi cha kulowesha ncha ya kidole, kwa macho yote mawili, ukaipapase mpaka iingie. Subiri dakika tano. Watu huipita hatua hii kwa haraka, kisha wanashangaa rangi inapokusanyika kwenye mikunjo. Krimu iliyokaa juu ya ngozi huibeba korekta na kuipeleka inakotaka. Baada ya kusubiri, bonyeza tishu safi chini ya jicho, na iliyozidi itatoka nayo. Feni inasaidia kipindi hiki, lakini izime au igeuze utakapoanza kupaka, kwa sababu upepo wa moja kwa moja hukausha konsila kabla hujaitandaza.

Korekta inayotosha jicho moja haizidi nusu ya punje ya mchele. Iweke kwa vidoa vitatu vidogo penye weusi tu: kona ya ndani, katikati ya mfereji, na kidogo panapoishia weusi. Acha nafasi ya milimita mbili au tatu kutoka kwenye mizizi ya kope, kwa kuwa ngozi ya hapo hucheza kila unapopepesa macho na rangi haitulii. Tumia kidole cha pete, ambacho hubonyeza kwa nguvu ndogo, na gonga gonga bila kusugua, ukianza katikati ya weusi na kufifisha kingo zake. Kusugua huiondoa rangi mahali inapohitajika na kuihamishia shavuni. Ukimaliza, subiri dakika moja.

Kama unatumia faundesheni, ipake sasa usoni, na chini ya jicho pitisha yale mabaki yaliyobaki kwenye sponji tu. Baadaye weka konsila, kiasi kilekile cha nusu ya punje ya mchele, tena kwa vidoa, ukaibonyeze kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka isitoe tone. Bonyeza na inua. Ukiburuta, utaifungua korekta iliyo chini na rangi ya machungwa itachomoza. Ikichomoza, usiongeze konsila kila mahali. Chukua kidogo kwa ncha ya brashi, iweke pale tu inapoonekana, na ukae nayo nusu dakika kabla ya kuibonyeza, kwani konsila iliyoanza kukauka hufunika zaidi.

Kabla ya poda, tazama juu, kisha chini, kisha tabasamu. Rangi itaingia kwenye mistari, na hilo ni la kawaida. Ilaze kwa kidole kikavu, na papo hapo, kabla haijarudi, bonyeza poda kidogo sana kwa brashi ndogo au kwa pafu laini. Poda iwe ya rangi ya ngozi yako. Ile desturi ya kurundika poda nyeupe chini ya macho kwa dakika kadhaa kisha kuikung'uta huinyonya ngozi unyevu wake na kuacha weupe mkavu unaokaribia kijivu, na mtu mwenye ngozi kavu hapo hapaswi kuifanya kabisa. Tahadhari pia na poda nyeupe za silika, zile zinazosemekana hazionekani. Kwa macho hazionekani kweli, lakini mbele ya flashi hurudisha mwanga na kutoa mabaka meupe. Jipige picha moja kwa simu, flashi ikiwa imewashwa, kabla ya kutoka nyumbani.

Kisa kimoja kwa ukamilifu

Mwalimu mmoja wa skuli ya Wete alinijia kabla ya harusi ya mdogo wake, iliyokuwa usiku katika kipindi cha kaskazi. Ngozi yake ni ya maji ya kunde iliyokolea, umri wake ni wa arobaini na kitu, na alinionyesha picha za sherehe iliyopita ambamo chini ya macho yake palionekana pembetatu mbili za kijivu zilizoshuka mpaka katikati ya mashavu. Aliniambia, "Bi mpambaji, nilipaka nyingi ili nisionekane nimechoka, na ndivyo nilivyoonekana mgonjwa." Mkobani alikuwa na konsila nyeupe kuliko uso wake kwa viwango viwili, poda nyeupe, na korekta ndogo ya pichi hafifu ambayo aliiacha kwa sababu, kwa maneno yake, haikumfanyia lolote.

Tulipomtazama mlangoni, ubuluu ulikuwa kona ya ndani tu, upana wa ncha ya kidole. Sehemu iliyofuata ilikuwa kahawia. Alipoinua kidevu, mstari mmoja mrefu uliotoka kona ya ndani kuelekea shavuni ulififia, kumbe ulikuwa kivuli cha mfereji, na juu yake palikuwa na kivimbe kidogo. Kwa hivyo tulikuwa na mambo matatu, na korekta iliyaweza mawili.

Pichi yake hafifu hatukuitupa. Tuliichanganya mgongoni mwa mkono na rangi ya machungwa kutoka kwenye kopo langu, kwa kiasi kinacholingana, tukapata pichi iliyokolea. Kona ya ndani ilipata mchanganyiko huo kama ulivyo. Sehemu ya kahawia ilipata mabaki yaliyobaki kidoleni tu. Baada ya safu hiyo peke yake, kabla ya konsila yoyote, weusi ulikuwa umepungua kiasi kwamba mwenyewe aliuliza kama tumemaliza. Konsila tuliyotumia ilikuwa ya maji, ya rangi ya uso wake, na ya aina inayobaki laini, kwa sababu ya mistari yake. Kisha kwa brashi nyembamba nikachora mstari mmoja wa konsila iliyo nyeupe kwa kiwango kimoja ndani ya mfereji, bila kugusa kivimbe kilichokuwa juu yake. Kivimbe kikipakwa rangi nyeupe hujitokeza zaidi, na mfereji ukabaki mweusi chini yake. Ndiyo sababu pembetatu kubwa zilimharibia. Poda iliwekwa kwenye mikunjo miwili tu.

Picha ya flashi ilionyesha jambo moja la kurekebisha: kona ya ndani ya jicho la kushoto ilikuwa na machungwa kidogo, tukaifunika kwa tone la konsila lililosubiriwa likauke nusu. Kivuli cha mfereji hakikuisha chote, na nilimwambia hivyo tangu mwanzo, kwamba kitapungua tu. Wanja tulimpaka juu ya jicho na kuuacha ukingo wa chini mtupu, kwa sababu ukumbi ulikuwa na joto na wanja wa chini ungeyeyuka juu ya kazi yote. Wale wanaotumia wanja wa manga wajue pia kwamba baadhi yake una madini ya risasi, kwa hivyo ni vyema kununua ulioandikwa viambato vyake.

Udhu, marekebisho na kuondoa

Konsila isiyopitisha maji hufanya utando, na maji ya udhu hayafiki kwenye ngozi iliyo chini yake. Kwa sherehe ya usiku mimi humpanga mteja aanze kupakwa baada ya kuswali, akiwa na udhu wake, na kwa yule ambaye swala nyingine itamkuta katikati ya shughuli na udhu umetenguka, humpa mapema chaguo la konsila nyepesi inayotoka kwa sabuni, akubali kufunikwa kidogo na aweze kuirudia kwa dakika chache. Mwalimu yule alichagua kupakwa baada ya isha.

Ukiwa ukumbini na jasho likakupata, usipake poda juu ya unyevu. Kunja tishu, ibonyeze chini ya jicho bila kuiburuta, laza mikunjo kwa kidole kikavu, na ikiwa rangi imekatika, ongeza konsila kidogo sana kwa kugonga. Kijiti cha konsila yako usimwazime mtu, hata ndugu, kwani hutoka jichoni na kurudi kwenye chupa, na ugonjwa wa macho mekundu huenea kwa njia kama hizo.

Usiku, weka mafuta ya kuondolea mekapu kwenye pamba, ilaze juu ya jicho lililofumbwa na uihesabie sekunde thelathini, kisha ifute kwa kuishusha taratibu. Pamba ya kwanza itaondoa konsila, na korekta yenye nta itabaki kwenye mistari, kwa hivyo rudia kwa pamba ya pili mpaka itoke bila alama ya machungwa, ndipo uoshe uso kwa sabuni laini. Kopo na chupa zihifadhi ndani ya kabati, mbali na dirisha na gari lililoegeshwa juani, na uangalie alama ya kopo lililo wazi yenye namba kama 6M au 12M, inayoonyesha miezi ambayo bidhaa inafaa kutumika tangu ifunguliwe. Korekta ikitoa harufu ya mafuta yaliyochacha, au mafuta yakielea juu ya rangi, itupe hata kama miezi hiyo haijatimia.